Je, wajua? Ufa ukifika milimita 3 kati ya 40, nusu ya maisha ya chuma imeshaondoka

*"Chuma kina ufa wa milimita 1, na hesabu inasema kitakatika ufa ukifika milimita 40. Si bado kina maisha kibao? Na mtu anajuaje kitavumilia mizunguko mingapi?"*

Maisha yapo, ila yamekaa upande ambao wengi hatuutegemei. Sehemu kubwa iko kwenye zile milimita chache za mwanzo, wakati ufa ni mdogo na hausumbui mtu. Idadi ya mizunguko inapatikana kwa kujua ufa unasogea kiasi gani kila chuma kinapobebeshwa mzigo na kuachiliwa, halafu unajumlisha hatua zote hadi mwisho.

Mimi mwenyewe nililikosea hili kwa muda mrefu tu, na kwa kujiamini kabisa. Nilikuwa napiga hesabu kama ya mshumaa: ufa uko milimita 1 kati ya 40, basi asilimia 2.5 imetumika, ukifika 20 tuko katikati. Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Nikawaza, kama mwisho ni ufa wa milimita 40, basi nikitafuta chuma kigumu kupasuka mara mbili zaidi, mwisho unasogea hadi 160 na maisha yanakuwa mara nne. Nilimweleza fundi mmoja mzoefu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikajumlishe kwanza halafu nirudi. Nilirudi nimenywea.

Tuanze na ncha ya ufa maana mambo yote yanatokea pale. Chukua mto unaotiririka taratibu, halafu gogo limelala kutoka ukingoni kuingia ndani. Maji yaliyokuwa yapite pale kwenye gogo hayapotei, yanabanana na kuzunguka ncha yake, na pale nchani yanakimbia kuliko sehemu nyingine yote ya mto. Gogo likiwa refu zaidi, maji mengi zaidi yanalazimika kupita pale pale. Mkazo ndani ya chuma unafanana na hayo maji: hauwezi kuvuka ufa, kwa hiyo unabanana nchani. Kiasi cha huo mbanano kinaandikwa K, na tofauti yake kati ya mzigo ukiwa juu na ukiwa chini ni ΔK. (Mfano wa mto una mwisho wake, chuma sio maji, lakini kwa hili unatosha.)

Mwaka 1961 mhandisi Paul Paris na wenzake wawili, Gomez na Anderson, walipendekeza kwamba kasi ya ufa inafuata K. Majarida makubwa yaliikataa makala yao, ikaishia kwenye jarida la Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka 1963 Paris na Erdogan wakaileta katika sura tunayoijua leo:

```
da/dN = C (ΔK)^m
ΔK = Y Δσ √(πa)
```

Hapo `a` ni urefu wa ufa, `N` ni idadi ya mizunguko, `Δσ` ni mkazo unaopanda na kushuka, `Y` ni namba ya umbo, na `C` na `m` zinatoka maabara. Ukichora kasi dhidi ya ΔK kwenye grafu ya logariti pande zote mbili, sehemu ya kati inatoka mstari ulionyooka, na mwinamo wake ndio `m`. Huku chini mstari unaporomoka kwenye kizingiti, yaani chini ya ΔK fulani ufa mrefu hausogei kabisa kwa kipimo cha maana, na huku juu unapaa wima kwa sababu chuma kinakaribia kukatika.

Sasa tupige hesabu yenyewe. Tuna bamba pana la chuma cha kawaida cha ujenzi, ufa umeanzia ukingoni, kwa hiyo `Y` ni 1.12. Mkazo unatoka 0 hadi megapaskali 150 na kurudi. Kwa chuma cha aina hii namba inayotumika sana ni `C` = 6.9 × 10⁻¹² na `m` = 3, ila urefu uwe kwa mita na ΔK kwa MPa√m. Tuseme chuma kinakatika K ikifika 60, ukigeuza fomula unapata ufa wa mwisho wa kama milimita 40. Ufa wa kuanzia ni milimita 1.

Pale mwanzo ΔK ni kama 9.4, na ufa unasogea nanometa 5.8 kwa mzunguko, yaani atomi ishirini na kitu hivi. Mwishoni kabisa unasogea maikrometa 1.5 kwa mzunguko, zaidi ya mara 250. Kwa sababu `m` ni 3 na `Y` tumeiacha bila kubadilika, kujumlisha kunatoka kirahisi:

```
N = 2 / (C (YΔσ)^3 π^1.5) × (1/√a0 − 1/√ac)
```

Hapo `a0` ni ufa wa kuanzia na `ac` ni ufa wa mwisho. Sehemu ya mbele inatoa kama 10,980. Kwenye mabano, 1/√0.001 ni 31.6 na 1/√0.040 ni 5. Jibu ni mizunguko 292,000 hivi. Angalizo la pembeni kwa anayejaribu mwenyewe: ukisahau na kuweka milimita ndani ya ΔK huku `C` ni ya mita, ΔK inakuwa kubwa mara 31.6, ikipandishwa kipeo cha tatu ni mara 31,600, na bamba lako zuri linakatika baada ya mizunguko tisa. Najua kwa sababu lilishanikatikia, kwenye karatasi.

Utamu uko kwenye kuigawa hiyo 292,000. Ufa kutoka milimita 1 hadi 2 unakula mizunguko 102,000. Kutoka 2 hadi 4 unakula 72,000, kutoka 4 hadi 8 ni 51,000, 8 hadi 16 ni 36,000, 16 hadi 32 ni 25,000, na kutoka 32 hadi 40 ni elfu sita na ushee basi. Nusu ya maisha inaisha ufa ukiwa milimita 3. Na ile 20 niliyoiita katikati? Pale zimebaki kama 23,000, asilimia 8 tu.

Watu hupenda kusema ni kama deni la riba, nami nilisema hivyo, ila sio sawa kabisa. Deni la riba likijizidisha mara mbili kwa miaka saba, miaka saba mingine linajizidisha tena, muda ni ule ule. Ufa wetu kila ukijizidisha mara mbili, safari inayofuata inachukua muda mfupi zaidi, asilimia 71 ya ile iliyopita. Angalia 102, 72, 51, 36, 25. Ni kama mkopeshaji anayepandisha kiwango cha riba kila deni linapokua. Riba ya kawaida ungeipata kama `m` ingekuwa 2; kwa 3 ni mbaya kuliko hapo.

Na mfuatano wa namna hiyo hata ukiuendeleza milele una kikomo. Ondoa ule 1/√ac kabisa, jifanye una chuma ambacho hakikatiki ufa uwe mrefu vipi, jumla inakuwa 347,000. Yaani chuma cha ndoto kinakuongezea asilimia 19. Chuma changu kigumu mara mbili, kile cha ufa wa milimita 160? Kinafika 320,000, nyongeza ya asilimia 9. Ndio maana nilirudi nimenywea.

Ukipunguza ufa wa kuanzia uwe nusu milimita unapata 436,000, nyongeza ya karibu nusu. Hapa lakini niseme taratibu, maana ΔK inakuwa 6.7 na tunasogelea kizingiti, ambacho kwa vyuma hivi kinategemea sana mzigo wa chini ukoje. Juu ya hapo, nyufa ndogo sana zina tabia ya kusogea kwa kasi kuliko mstari unavyotabiri, hata chini ya kizingiti cha nyufa ndefu, kwa hiyo usiburute fomula hii hadi kwenye sehemu za kumi za milimita ukategemea ikuambie ukweli. Mkazo nao hauna mchezo: upandishe asilimia 20, hadi 180, na maisha yanashuka hadi 163,000.

Kwa hiyo `a0` sio ufa uliouona. Mara nyingi ni ufa mkubwa kabisa ambao mkaguzi angeweza kuupita bila kuuona, kwa kifaa alichonacho. Kifaa kikiona kuanzia milimita 3, una 146,000 mbele yako. Kikiona kuanzia 8, una 68,000. Kisha hiyo namba unaigawa, kwa mbili au zaidi, ili kuwe na nafasi ya kuukosa ufa safari moja na kuupata inayofuata, na kwa sababu `C` yenyewe hupishana kutoka bamba hadi bamba. Mizigo isiyolingana inavuruga zaidi. Mzigo mmoja mkubwa katikati ya midogo unaweza kuupunguza ufa kasi kwa muda, maana chuma cha nchani kinavutika kikabaki kimebanwa, jambo ambalo bado linanichekesha: umekipiga chuma kwa nguvu, kikakuongezea siku.

Ila yule mimi wa zamani hakukosea kila mahali. Desemba 1969 ndege ya kivita F-111 ya jeshi la Marekani ilipoteza bawa ikiwa na saa za kuruka mia moja na kidogo tu. Kwenye kiungo cha bawa, cha chuma chenye nguvu sana, kulikuwa na dosari kubwa ya tangu kiwandani ambayo ukaguzi haukuiona, na uchovu, yaani kule kubebeshwa mzigo na kuachiliwa tena na tena, ulikuwa umeiongezea chini ya nusu milimita. Pale ufa ulianza ukiwa tayari jirani na mwisho wake, na hapo ule 1/√ac unakuwa na sauti. Jaribu kwenye bamba letu: anza na ufa wa milimita 20, una mizunguko 23,000, kisha weka kile chuma kigumu mara mbili, unapata 50,000.