Muuza dagaa wa Mwaloni na kodi ya mauzo ghafi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pale sokoni Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, msimu wa makadirio ya kodi ukifika maneno huwa mengi kuliko dagaa. Mengine yanawagharimu watu fedha kila mwaka, na linaloumiza zaidi ni hili:

"Ukiandika daftari umejifunga mwenyewe. Bila daftari watu wa kodi hawana pa kukushikia."

Ukweli ni kinyume chake kabisa. Mfanyabiashara binafsi ambaye kipato chake ni cha biashara tu, na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, anatozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ghafi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Juu ya hapo, viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 vina safu mbili: ya mwenye kumbukumbu na ya asiye nazo.

Chukua mama anayepima dagaa kwa sado, aliyeuza shilingi 9,200,000 kwa mwaka. Yuko kwenye kundi la milioni 7 hadi 11. Asipokuwa na kumbukumbu analipa 250,000 moja kwa moja. Akiwa nazo analipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kilichozidi ni 2,200,000, asilimia 3 yake ni 66,000, jumla 156,000. Daftari limemwokolea 94,000. Hata angefika milioni 11 kamili angelipa 210,000, bado chini ya mwenzake asiyeandika. Katika kundi hili hakuna kiasi cha mauzo ambacho kutokuandika kunakupa nafuu.

Wengi hupiga asilimia 3 kwa mauzo yote, wakapata 276,000 na kukata tamaa. Asilimia hiyo ni ya ziada ya milioni 7 peke yake.

"Mwaka huu sikupata faida, kwa hiyo sidaiwi."

Kodi hii haiulizi faida. Bei uliyonunulia kwa wavuvi, ushuru wa soko, nauli ya mzigo kutoka Ukerewe, havikatwi. Ndiyo maana asilimia yake ni ndogo.

"Afisa ameona nauza vizuri, basi hayo ndiyo mauzo yangu."

Hapa ndipo dagaa wana mambo yao. Wanavuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Afisa akikukuta siku za giza unauza 45,000 kwa siku, akazidisha kwa siku 300, anapata 13,500,000. Umeshapandishwa kundi, wakati mauzo yako halisi ni 9,200,000. Kinachoweza kukutetea ni zile siku mbaya, na ni lazima ziwe zimeandikwa: "tarehe 14, mzigo haukuja, mauzo 0." Watu huziruka siku hizo wakiona hazina maana, kumbe zina uzito kuliko siku za mauzo makubwa.

Ukurasa wa kutosha una tarehe, sado ngapi zimeuzwa, bei, fedha taslimu, fedha ya simu, na deni. Fungia pamoja stakabadhi za ushuru na za usafirishaji. Afisa mzoefu hulinganisha: ukionyesha ushuru wa magunia 40 na mauzo ya magunia 25 bila maelezo ya yaliyobaki au kuharibika, daftari limekwisha nguvu. Vivyo hivyo likiwa limeandikwa lote kwa siku moja, kalamu moja, na kila siku namba zinazoishia elfu kamili. Kumbukumbu hizi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano.

"Kila fedha iliyoingia kwenye simu ni mauzo."

Siyo. Mkopo wa kikoba si mauzo, wala fedha ambayo tajiri wa Dodoma amekutumia umnunulie mzigo wake. Hapo mauzo yako ni kamisheni uliyobaki nayo. Lakini ukichanganya yote kwenye laini moja bila maandishi, itakuwa kazi kubwa kuyatenganisha baada ya miezi kumi. Tenga laini ya biashara, na kwa fedha ya tajiri andika siku ileile: imeingia kiasi gani, imenunua nini, na kamisheni ni kiasi gani.

"Wakishakadiria hakuna la kufanya."

Lipo. Una siku 30 tangu upokee hati ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Ili lipokelewe unalipa kwanza kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kwa yule mama wa sado, akiwa na daftari lenye siku zake za sifuri, barua ya pingamizi ni ukurasa mmoja wenye jumla ya kila mwezi na nakala za stakabadhi nyuma yake.