Wanafunzi 2,000 wanapobeba uzito wa 185

Dhana: "Nina wanafunzi 2,000, kwa hiyo sampuli yangu ni kubwa."

Chukua mfano wa shule 40, kila moja ina wanafunzi 50. Shule 20 zimepewa vitabu vya hesabu, nyingine 20 hazikupewa. Mwisho wa mwaka wenye vitabu wanawazidi wenzao kwa alama 3, na mkengeuko sanifu wa alama ni 20. Ukipiga regresheni kana kwamba kila mwanafunzi anajitegemea, kosa sanifu la tofauti hiyo linatoka 0.9. Uwiano wa t unapita 3, nawe unatangaza kuwa vitabu vimefanya kazi.

Lakini wanafunzi wa shule moja wanafundishwa na walimu wale wale, na mvua ikiharibu barabara wote wanakosa masomo siku ile ile. Tuseme 0.2 ya variansi yote ya alama inatokana na shule. Hapo variansi ya makadirio inavimba hivi:

```
1 + (50 - 1) * 0.2 = 10.8
```

Kipeuo cha pili chake ni 3.3. Kosa sanifu halisi ni 2.9, na t inashuka hadi 1. Zile alama 3 ziko pale pale. Kilichopotea ni uhakika wako juu yake. Wanafunzi wako 2,000 wana taarifa sawa na wanafunzi 185 wanaojitegemea. Kuongeza wanafunzi katika shule zile zile kunasaidia kidogo sana. Zinazohitajika ni shule zaidi.

Dhana: "Nimeandika robust, inatosha."

Haitoshi. Chaguo hilo la programu ya takwimu ya Stata linashughulikia variansi isiyo sawa kati ya mtu na mtu, lakini bado linawahesabu kama wasiohusiana. Unahitaji:

```
regress alama vitabu, vce(cluster shule)
```

Kundi ni shule, si darasa, kwa sababu vitabu viligawiwa kwa shule.

Dhana: "Nimeweka vidhibiti vya kila kundi na kila mwaka, tatizo limekwisha."

Wanauchumi Bertrand, Duflo na Mullainathan walilijaribu hili mwaka 2004. Walichukua mishahara ya wanawake wa Marekani ya 1979 hadi 1999, wakabuni sheria ambazo hazikuwahi kuwepo, wakazipachika kwenye majimbo kwa bahati nasibu. Vidhibiti vya majimbo na miaka vilikuwemo. Kipimo cha asilimia 5 kilipaswa kudanganywa, yaani kuona athari isiyokuwepo, mara 5 katika 100. Kilidanganywa hadi mara 45. Mshahara wa jimbo mwaka huu unafanana na wa mwaka jana, na vidhibiti haviondoi mfanano huo wote.

Ukiwa na makundi machache, sita au kumi, hata makosa sanifu ya makundi hutoka madogo mno. Hapo tumia wild bootstrap ya makundi (`boottest` katika Stata), na hata hiyo huyumba kama shule zilizopewa vitabu ni moja au mbili tu.