Uso wa mshazari haukupi urefu wake: kusoma mionekano mitatu ya breketi

Breketi ndogo ya chuma inatosha kuonyesha karibu kila kinachomkwamisha mtu anaposoma mchoro: uso wa mshazari, tundu lisilofika chini, na mfereji wa bolti. Chukua karatasi na penseli, uichore tunavyokwenda. Vipimo vyote ni milimita.

Mwonekano wa mbele una mzingo wa mistari sita. Chini kuna mstari wa 80. Ukingo wa kushoto unapanda 40, ukifika juu unakwenda kulia 20, kisha unashuka kwa mshazari hadi sehemu iliyo 50 kutoka kushoto na 15 kutoka chini. Kutoka hapo unakwenda sawa, kama kidato, mpaka mwisho wa kulia, ndipo unashuka 15. Ndani yake kuna mistari ya vipandevipande, yaani ya kingo zilizojificha zisionekane kutoka upande huo: miwili ya wima inayoshuka 25 kutoka juu, moja ikiwa 5 na nyingine 15 kutoka kushoto, na chini zinaungana kwa ncha. Upande wa kulia kuna mstari mmoja tu wa vipandevipande, wima, 60 kutoka kushoto.

Chini ya mwonekano huo umewekwa mwonekano wa juu: mstatili wa 80 kwa 50, uliogawanywa na mistari miwili mizima, mmoja 20 na mwingine 50 kutoka kushoto. Eneo la kushoto lina duara la kipenyo 10, kitovu chake kikiwa 10 kutoka kushoto na 15 kutoka ukingo wa chini. Eneo la kulia lina mfereji wa upana 14, katikati ya ukingo wa kulia, unaoingia hadi ule mstari wa 60 na kuishia kwa nusu duara. Kulia kwa mwonekano wa mbele kuna mwonekano wa upande: mstatili wa upana 50 na kimo 40, wenye mstari wa vipandevipande uliolala kwenye kimo cha 15, pamoja na mingine ya tundu na mfereji.

Usianze kuwaza umbo bado. Kwanza jua mchoro umepangwa kwa pembe ya kwanza au ya tatu, njia mbili za kupanga mionekano: kwenye ya tatu mwonekano huwekwa upande uleule unaotazamiwa, kwenye ya kwanza huwekwa upande ulio kinyume. Michoro ya mashine za Kichina kwa kawaida hufuata pembe ya kwanza, ya Kijapani na ya Kimarekani hufuata pembe ya tatu, na kwenye karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam zote zinaweza kukutana juu ya meza moja. Tafuta alama ya koni iliyokatwa ncha, ikiwa na maduara mawili pembeni yake. Mara nyingi huwa karibu na kisanduku cha jina la mchoro. Upande mwembamba wa koni ukielekea maduara, hiyo ni pembe ya tatu. Ukiyapa mgongo, ni pembe ya kwanza.

Alama isipokuwepo, aina ya mistari itakuambia. Kwenye pembe ya tatu, mwonekano uliowekwa kulia ni wa kutazama kutoka kulia, na ukitazama breketi hii kutoka kulia jicho linakiona kile kidato cha kimo cha 15 waziwazi, kwa hiyo mstari wake ungekuwa mzima. Hapa ni wa vipandevipande, maana tunatazama kutoka kushoto na kidato kimejificha nyuma ya sehemu ndefu. Mwonekano uliowekwa chini nao unathibitisha. Ungekuwa wa kutazama kutoka chini, duara na ile mistari ya 20 na 50 isingekuwa mizima, kwa sababu upande wa chini wa breketi ni bapa na hauonyeshi kitu isipokuwa mfereji. Basi hii ni pembe ya kwanza.

Anayekosea hapa halipi kosa dogo. Kwenye pembe ya kwanza, upande wa mbele wa kifaa huwa kwenye ukingo ulio mbali na mwonekano wa mbele. Kwenye pembe ya tatu, huwa kwenye ukingo ulio karibu. Tundu letu liko 15 kutoka mbele. Ukichanganya utalitoboa 35 kutoka mbele, na breketi itatoka kinyume, kama ilivyo kwenye kioo. Haigeuziki ikakaa sawa, hata uizungusheje.

Sasa njoo kwenye nyuso. Mwonekano wa juu una maeneo matatu, tuyaite A, B na C kutoka kushoto. Maeneo mawili yakitenganishwa na mstari mzima, hayako kwenye uso mmoja bapa: ama moja liko juu zaidi, ama moja limelala mshazari, ama limepinda. Mwonekano wa juu wenyewe hausemi lipi ni lipi. Pandisha mistari ya 20 na 50 moja kwa moja hadi mwonekano wa mbele. A linaangukia mstari uliolala kwenye kimo cha 40, kwa hiyo ni bapa. C linaangukia mstari uliolala kwenye kimo cha 15, nalo ni bapa. B linaangukia mshazari.

Hapo kwenye B ndipo ninapomsimamisha kila anayejifunza. Kwa juu B lina upana wa 30. Kwa upande, kutoka kimo cha 15 hadi 40, linachukua 25. Kwa mbele ni mstari tu. Hakuna mwonekano unaoonyesha uso huo kwa ukubwa wake halisi. Urefu wake ni ule mstari wa mshazari wenyewe: 30 mara 30 jumlisha 25 mara 25 ni 1,525, na kipeuo chake cha pili ni kama 39. Uso wenyewe ni 39 kwa 50. Mchomeleaji anayekata bati la kuufunika kwa kupima mwonekano wa juu atakata 30, nalo litapungua milimita 9.

Tena, ukifunika mwonekano wa mbele kwa mkono, miwili iliyobaki haiwezi kukuambia kama B limenyooka au limebonyea kama bakuli. Kwa juu na kwa upande mistari ingekuwa ileile. Ndiyo sababu mimi huanza na mwonekano wenye mzingo wa umbo, kisha miwili mingine huitumia kuuliza swali moja moja.

Kuhusu tundu, ile 25 ni kina cha sehemu yenye kipenyo kamili. Ncha iliyo chini ni alama ya biti, ambayo kwa kawaida ina pembe ya 118°, nayo inaongeza kama 3. Chini ya ncha inabaki chuma ya karibu 12. Ukihesabu 25 kutoka ncha ya biti, bolti itagonga chini kabla haijakaza.

Mfereji ni mwepesi: hakuna ncha wala mstari wa kuishia njiani, mstari wa 60 unatoka juu ya C hadi chini kabisa, kwa hiyo umetoboka.

Kama umbo bado halijakaa kichwani, kata kipande cha sabuni ya mche kwa nusu ya vipimo: 40 kwa 25 kwa 20. Chora mwonekano wa mbele kwenye uso wa mbele, kata mshazari na kidato kwa kisu kutoka mbele hadi nyuma, kisha chora duara na mfereji juu. Ukimaliza, kiinue kipande usawa wa jicho ukitazame kutoka kushoto: kidato kisionekane kabisa. Kikionekana, umeshika kipande kinyume au umekata upande usio wake.