Mita moja nje ya ukuta: nani anaunganisha bomba la majitaka?

Malalamiko ya majitaka kurudi ndani ya majengo mapya yamezidi. Tukifukua, mara nyingi kasoro tunaikuta mahali pale pale, yaani pale kazi ya mkandarasi wa jengo inapoishia na ya mkandarasi wa kazi za nje inapoanzia. Kwa desturi, mpaka huo huwekwa mita 1 nje ya ukuta. Michoro ya pande zote mbili huuonyesha kwa mstari wa vitone, lakini mstari hausemi nani ataunganisha bomba wala nani atalipima.

Chukua mfano huu. Alama ya kimo ya saiti ni mita 100.00. Kwa mujibu wa mchoro, sakafu ya bomba, yaani sehemu ya chini kabisa ya ndani yake, inafika mpakani ikiwa kwenye kimo cha 98.40. Chemba ya kwanza iko mita 11 mbele, na bomba linaiingia kwenye 98.20. Maji yanashuka sentimita 20 katika mita 11, mteremko wa 1 kwa 55, ambao unatosha.

Mkandarasi wa jengo anapochimba anakuta boriti ya msingi imekaa kwenye njia ya bomba. Anapitisha bomba chini yake, na bomba linatokea mpakani kwenye 98.15. Boriti imesalimika na msimamizi wake ameridhika, ila mwenzake wa nje hakuambiwa. Yeye amekwisha kumwaga zege la chemba kwa kufuata mchoro. Sasa bomba liko sentimita 5 chini ya mahali linapopaswa kuingilia, na maji yanatakiwa kupanda.

Hapo mtu atauliza, kwani hawakupima? Walipima. Wa jengo aliziba bomba lake mpakani, akalijaza maji, halikuvuja. Wa nje alipima kuanzia chemba kwenda mbele. Zile mita 11 za katikati hazikupimwa na yeyote. Tena kipimo cha kuvuja hakionyeshi mteremko, kwa kuwa bomba lililoinamia upande usiofaa hushika maji vizuri tu.

Wenye miradi hutuambia, "Makandarasi wataelewana wenyewe." Tunaomba kauli hii iachwe. Makandarasi hao wawili hawana mkataba baina yao. Kila mmoja ana mkataba na mwenye mradi. Wa nje akilazimika kuvunja chemba, hamdai jirani yake, anamdai mwenye mradi. Naye mwenye mradi atapata shida kuihamishia gharama hiyo kwa wa jengo ikiwa hakuna maandishi yanayomtaka atoe taarifa ya mabadiliko.

Maandishi hayo ni jedwali la mipaka, na huambatishwa kwenye mikataba yote miwili kwa maneno yale yale. Kila mpaka una mstari wake: mahali ulipo, kimo, anayeleta kiungio, anayeunganisha, anayepima, na tarehe. Kwenye kila safu huandikwa jina moja. Tukikuta "wote wawili", tunalirudisha jedwali, kwa sababu kila mmoja atamngoja mwenziwe.

Anayetangulia kufika mpakani hafukii. Anatoa taarifa ya kimo alichojenga, kisha pande zote mbili zinapima pamoja, kwa leveli moja, kuanzia alama moja ya kimo. Hili la alama moja hupuuzwa sana: mmoja anaanzia kwenye kigingi cha saiti, mwingine kwenye sakafu iliyokwisha kumwagwa, na kila mmoja ana hakika kwamba yuko sahihi. Tofauti ikizidi ile iliyokubaliwa, kwa mfano milimita 10, kazi inasimama mpaka mhandisi ajibu kwa maandishi. Picha iliyotumwa kwa simu si makabidhiano. Haionyeshi kimo wala haina saini ya mpokeaji.

Baada ya kuunganisha, aliyetajwa kwenye jedwali anamwaga maji kutoka ndani ya jengo na kuyatazama yakiingia kwenye chemba, mtaro ukiwa bado wazi. Maji yakibaki yametuama ndani ya bomba, mteremko una kasoro hata kama hakuna kinachovuja.

Anayefukia kabla ya pande zote mbili kusaini fomu ya makabidhiano hufukua kwa gharama zake, hupima upya, na malipo ya sehemu hiyo huzuiwa hadi fomu ikamilike. Mkandarasi anayesema fomu haikumfikia hupewa nakala siku hiyo hiyo, lakini agizo la kufukua linabaki.

Mtaro wenyewe nao una mwenyewe. Mpaka makabidhiano yasainiwe, uzio, taa za usiku na kuzuia kingo zisiporomoke ni juu ya aliyeuchimba, hata kama anayefanya kazi ndani yake siku hiyo ni mafundi wa mwenzake.