Kikomo cha kadi pepe hakimo kwenye namba

"Si namba ya kadi pepe ndiyo imebeba jina la duka na kiasi, kwa hiyo duka lingine haliwezi hata kuiingiza?"

Hapana. Kadi pepe ni namba ya kadi ya kulipia mtandaoni isiyo na kadi ya plastiki, na namba yenyewe haijui lolote kuhusu duka wala pesa. Tarakimu zake za mwanzo, 6 au 8, humtambulisha mtoaji wa kadi, kama vile benki yako. Zinazofuata huchaguliwa na mfumo wake kati ya zile ambazo hazijatumika, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kunasa makosa ya kuandika. Ndiyo maana kwa kawaida fomu ya malipo ya duka lingine itakubali uiingize bila kinyongo.

Kizuizi kiko kwa mtoaji. Kwenye hifadhidata yake, namba hiyo imeunganishwa na akaunti yako halisi pamoja na masharti uliyoweka. Tuseme umeweka kikomo cha 100 na duka moja tu. Ukilipa 60, ombi la idhini hufika kwa mtoaji likiwa na kiasi na kitambulisho cha duka. Anaridhia, anafunga namba kwa duka hilo, na kubakiza 40. Mwizi akiiba namba na kuijaribu kwingine, ombi linakataliwa hapo hapo.

Kinachosumbua wateja wengi ni hiki: duka likibadili kampuni inayolichakatia malipo, kitambulisho chake huweza kubadilika, na usajili wako wa kila mwezi ukakataliwa ingawa duka ni lile lile. Ukiona hivyo huku salio na kikomo vinatosha, tengeneza namba mpya.