Pima kosa kwenye unyayo, si kwenye grafu

Katika uhuishaji wa kompyuta, mwendo uliookwa, yaani ulioandikwa thamani zake fremu kwa fremu, huja na fremu kuu katika kila fremu. Klipu ya matembezi ya sekunde 4 kwa fremu 30 kwa sekunde ina fremu 121, kwa hiyo mzunguko wa paja peke yake, wenye mihimili mitatu, umebeba fremu kuu 363. Hakuna mhuishaji anayeweza kurekebisha kitu humo. Programu nyingi zina amri ya kupunguza fremu kuu, nayo hukuuliza ukubwa wa kosa unaloruhusu kwenye grafu ya mwendo wa kiungo. Watu huandika digrii 1 kwa viungo vyote, kisha wanashangaa miguu inateleza.

Digrii 1 haina uzito sawa mwili mzima. Kutoka nyonga hadi unyayo ni kama sentimita 90, kwa hiyo paja likikosea digrii 1, unyayo unahama sentimita 1.57. Kosa hilohilo kwenye pingili ya kidole yenye sentimita 3 linasogeza ncha kwa nusu milimita tu. Ndiyo maana mimi huanza na umbali ninaoukubali, halafu kila kiungo nakikokotolea pembe yake:

```
pembe (radiani) = kosa / urefu
```

Urefu hapa ni umbali kutoka kiungo hicho hadi ncha ya mbali zaidi inayokifuata.

Tuseme unyayo unaruhusiwa kukosea milimita 8. Makosa yanajumlishana kushuka mguuni, kwa hiyo nayagawa kwa wanne: mahali pa fupanyonga, mzunguko wake, paja na goti, milimita 2 kila mmoja. Paja linapata digrii 0.13 na goti, lenye sentimita 45 chini yake, digrii 0.25. Kidole kikipewa milimita 2 hizohizo kinapata digrii 3.8, na hapo ndipo fremu kuu nyingi hufutika bila jicho kugundua.

Mgao huo ni wa tahadhari, kwa sababu ni nadra makosa yote manne kuelekea upande mmoja. Baada ya kupunguza, kokotoa mahali pa unyayo katika kila fremu, kwenye mwendo wa awali na uliopunguzwa, uchukue tofauti kubwa kuliko zote. Ikiwa ni milimita 4, zidisha pembe zote kwa 1.5 ujaribu tena, hadi ukaribie 8.

Wakati unyayo umekanyaga, milimita 8 ni nyingi mno. Sakafu haisogei, kwa hiyo jicho linaona hata mtetemo mdogo. Kwa fremu hizo nashuka hadi milimita 1 au 2, na fremu ya kukanyaga na ya kuinua mguu naziacha zilivyo.

Kuna kosa ambalo kipimo hiki hakilioni: mkono ukijisokota kwenye mhimili wake, kiungo cha kiganja hakihami hata kidogo. Weka nukta ya kupimia kando ya mfupa, sentimita chache nje, mahali ngozi ilipo. Na kabla ya yote, ondoa miruko ya pembe kutoka 179 kwenda -179, la sivyo mahali palipofutwa fremu kuu kiungo kitazunguka karibu duara zima.