Meseji ya msamaha isiyo na kosa ndani yake

"Nilimwomba rafiki yangu anayejua kuandika anitungie meseji nzuri ya kuomba msamaha. Badala ya kuandika akaanza kunihoji: umefanya nini, umemfanyia nani, limefika wapi? Kwani msamaha si msamaha tu?"

Jaribu kuandika bila hayo matatu uone kitakachobaki: "Samahani sana kwa yote yaliyotokea. Najua nimekuumiza. Naomba unisamehe, sitarudia tena." Meseji hiyo unaweza kumtumia mke, bosi, jirani uliyemgongea geti au mwalimu uliyemdanganya, bila kubadilisha hata nukta. Na anayeipokea analiona hilo. Ndiyo maana jibu lake mara nyingi ni swali: "Unaniomba msamaha wa nini?" Si kwamba hajui. Anataka kusikia kama wewe unajua.

Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu sehemu zinazounda ombi la msamaha. Walitaja sita: kuonyesha majuto, kueleza ilivyotokea, kukiri kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Washiriki walipopima maombi yenye sehemu hizo, iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote ilikuwa kukiri kosa, ikifuatwa na kujitolea kurekebisha. Iliyokuwa nyepesi kuliko zote ni ile ya mwisho, "naomba unisamehe".

Sasa rudi kwenye ombi ulilompa rafiki yako. Asipojua kilichotokea, anachoweza kuandika ni majuto na "nisamehe". Hawezi kukiri asichokijua wala kuahidi kurekebisha kisichotajwa. Hata "sitarudia" inaning'inia, maana hutarudia nini? Kwa hiyo unamwagiza akuletee supu halafu unamnyima nyama, unamwachia maji na chumvi.

Kiswahili nacho kina mitego yake hapa. Neno "samahani" tunalitumia kumsimamisha mpita njia tukiuliza kituo cha daladala, kwa hiyo peke yake halibebi kosa lolote. "Pole" ndiyo mbaya zaidi. Tunampa pole aliyeezuliwa paa na upepo, na hatukuhusika. Ukimwambia pole mtu uliyemuumiza mwenyewe, umejipanga kwenye foleni ya majirani waliokuja kumfariji.

Kisha kuna vitenzi vinavyomficha mtendaji. Glasi "imevunjika", simu "imepotea", hela "imetumika". Sarufi haina kosa, ila hakuna mtu ndani ya sentensi. Linganisha na "nimevunja", "nimepoteza", "nimeitumia". Tofauti ni silabi chache tu, lakini ndizo anazozisubiri aliyekosewa.

Nikupe kisa kimoja. Kijana mmoja wa karibu yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde sita: nimwandikie meseji ya msamaha, fupi, yenye heshima. Nikamuuliza kwa nani. Shangazi yake. Kuhusu nini? "Kuna hela ilitumika." Ona hiyo "ilitumika". Nikazidi kuuliza, ikatoka polepole: shangazi alimtumia shilingi 150,000 Jumatatu, akalipe ada ya binti yake, kwa sababu kijana anakaa karibu na shule. Akalipia deni la pikipiki, akitegemea kuirudisha kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikafika, pesa hakuna, na yule binti akarudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa, lakini la pili likageuka. Kumbe waliokosewa ni wawili. Shangazi kapoteza pesa na imani, ila aliyetolewa darasani ni binti, na meseji ya kwa shangazi haimfikii. Hilo kijana hakuwa amelifikiria kabisa, na nisingelijua kama ningemtungia tu maneno matamu.

Swali la tatu, la uzito, ndilo linaloamua kama meseji inatosha. Umechelewa kikao dakika kumi? Mstari mmoja unatosha, na ukiandika aya tatu za majuto utamfanya mtu ajiulize kama kuna jambo jingine unaficha. Umekula ada ya mtoto wa shangazi? Hapo meseji ni hodi tu. Mwenyewe unakwenda, na kwa baadhi ya familia unatanguliza mjomba au mzee mwingine wa kukusemea. Ila ukienda bila kutuma chochote, atakuwa ameshasikia toleo la watu wengine. Tukakubaliana aandike leo, aende Jumamosi. Nilimwambia pia asianze kuandika mpaka awe na cha kurudisha, hata kama ni sehemu. Akakopa kwa rafiki yake, akalipa shuleni 80,000.

Kilichotoka ni hiki:

"Shikamoo shangazi. Ile laki na nusu uliyonitumia Jumatatu sikuipeleka shule. Nililipia deni langu la pikipiki nikidhani nitairudisha kabla ya Ijumaa, nikashindwa, na sikukwambia. Mdogo wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu yangu. Leo nimelipa elfu themanini, risiti hiyo hapo. Elfu sabini nakuja nayo mwenyewe Jumamosi. Nisamehe shangazi."

Hakuna neno zuri hata moja humo. Deni la pikipiki limetajwa ili shangazi ajue pesa ilikokwenda, na likaishia hapo. Lingeongezewa "maisha yamekuwa magumu" lingegeuka utetezi. Kijana alitaka kuweka "kama nimekukosea". Nilikataa. Hiyo "kama" inamrudishia shangazi kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Lakini kuna mahali ambapo msamaha usiotaja kosa unakubalika, tena unatarajiwa. Ramadhani ikikaribia, au mtu akiaga kwenda Hija, simu hujaa ujumbe wa "kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi." Hapo hakuna kidonda kinachojulikana, mtu anafagia uwanja mzima, pamoja na kona asizoziona. Na hata hapo tunajua mpaka wake. Msibani, msemaji wa familia huomba marehemu asamehewe na wote aliowakosea, kwa jumla tu. Ila akifika kwenye madeni hubadilika: anayemdai marehemu aje kwa familia, aseme ni nini na kiasi gani. Kwa hiyo ukituma ule ujumbe wa Ramadhani kwa mtu ambaye ada ya mwanawe unayo mfukoni, atauona ni ujanja.

Shangazi alijibu usiku: "Marahaba. Risiti nimeiona. Jumamosi uje mapema, kuna chakula. Huyu mdogo wako utamwambia mwenyewe, mimi sitakusemea."